Bima Ndogo, Bima Kubwa na Ile ya Katikati

Stika ya bima inapokaribia kuisha, mwenye gari Tanzania huulizwa na wakala swali fupi: ndogo au kubwa? Wengi hujibu kwa kuangalia walichonacho mfukoni siku hiyo. Aliyebanwa huchukua ndogo, mwenye nafasi huchukua kubwa, na mkataba wenyewe hubaki haujasomwa mpaka siku ambayo gari limeharibika na fundi anataka malipo ya awali.

Swali hilo linaacha mambo mawili nje. Kwanza, madaraja ni matatu, na la katikati mawakala wengi hawalitaji kabisa. Pili, ndani ya mkataba kuna vipengele viwili, eksesi na punguzo la kutodai, ambavyo huamua kwa vitendo ni madai gani yatakufaa na yapi yatakula pesa yako. Ukivipigia hesabu, utaona kwamba bima kubwa ina kazi moja inayoifanya vizuri, nayo ni kukuokoa na hasara ambayo mfuko wako haungeweza kuibeba. Anayeinunua akitegemea imtengenezee bampa na taa kila anapokwaruzwa amenunua kitu kisichokuwapo.

Tuchukue mfano mmoja twende nao. Mwalimu wa sekondari anaishi Kimara, Dar es Salaam, na anamiliki Toyota IST ambayo sokoni leo ingeuzwa shilingi milioni 16. Analiendesha mwenyewe kwenda kazini na kurudi, na usiku linalala uani. Kwa gari binafsi kama hili, bima ndogo imekuwa ikiuzwa shilingi 100,000 kwa mwaka. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani kwa asilimia 18 ambayo imekuwa ikitozwa Tanzania Bara, inakuwa 118,000. Bima kubwa imekuwa ikikokotolewa kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Kwa IST ya milioni 16 hiyo ni 560,000, na pamoja na kodi ni 660,800. Ile ya katikati, yaani mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, tuipe asilimia 2 kwa ajili ya hesabu: 320,000, na kodi ikiongezwa 377,600. Kati ya ndogo na kubwa kuna tofauti ya shilingi 542,800 kwa mwaka. Mwalimu anataka kujua pesa hiyo inanunua nini.

Bima ndogo ipo kwa sababu ya sheria. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza gari kuwa barabarani bila bima ya mtu wa tatu, na usimamizi wa kampuni zinazoiuza uko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA. Kenya ina sheria yake inayofanana sana na hiyo, Sura ya 405, maana zote mbili zilifuata mfano wa sheria ya barabara ya Uingereza ya miaka ya 1930. Lengo lilikuwa mtu aliyegongwa asibaki na hukumu ya mahakama mkononi dhidi ya dereva ambaye hana kitu. Kwa hiyo mlengwa wa bima ndogo ni mwenda kwa miguu pale Ubungo, mwendesha bodaboda, mtu aliye kwenye gari lingine. Mwenye gari anailipia, lakini haimtengenezei chochote chake. IST ikigonga nguzo ya umeme, bima ndogo italipa nguzo. Gari atajua mwalimu mwenyewe.

Ulinzi huo kwa mtu wa tatu ni mzito kuliko wengi wanavyodhani, na hapa ndipo ninapopinga kuiita bima ya kuwaridhisha trafiki. Mtu akifa au akijeruhiwa na mahakama ikaamua kwamba dereva wako ndiye mwenye kosa, kampuni inawajibika kulipa hukumu hiyo. Mara nyingi inawajibika hata pale ambapo wewe ulivunja masharti ya mkataba, kwa mfano ulimwachia usukani mtu ambaye leseni yake imeisha. Kampuni humlipa kwanza aliyeumia, halafu inageuka na kukudai wewe. Familia ya marehemu haiadhibiwi kwa uzembe wako, lakini na wewe hujasalimika. Fidia ya mtu aliyepooza inaweza kuzidi thamani ya IST mara nyingi, na kwa kipimo hicho zile 118,000 ndizo pesa zinazofanya kazi kubwa kuliko zote katika makala hii.

Hata hivyo bima ndogo ina mipaka. Kenya imeuandika mmoja wazi katika sheria yake tangu marekebisho ya 2006: kampuni hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 za Kenya kwa madai ya mtu mmoja, na kinachozidi anabaki nacho mwenye gari. Mpaka mwingine uko upande wa mali. Sheria hizi zililenga kifo na majeraha. Malipo ya uharibifu wa mali ya mtu wa tatu huwekwa na mkataba wenyewe, tena kwa kikomo kinachotajwa kwa tarakimu. Ukimgonga mwenye Land Cruiser mpya na ukomo wako wa mali uko chini ya gharama ya matengenezo yake, tofauti ni yako. Tarakimu hiyo iko kwenye jedwali la mkataba, ukurasa wa kwanza au wa pili. Mwalimu anayepita Masaki au Oysterbay kila wiki ana sababu ya kuitafuta kabla hajaweka sahihi, na kuuliza kuipandisha kunagharimu kiasi gani. Mara nyingi nyongeza yake ni ndogo.

Jambo moja la kukagua bila kuchelewa ni kama bima yenyewe ipo. Stika siku hizi ni za kielektroniki, na mtu yeyote anaweza kuingia katika mfumo wa TIRA MIS, akaandika namba ya usajili ya gari na kuona kama mkataba umesajiliwa, ni wa kampuni gani na unaisha lini. Ulichonunua kwa wakala kisipoonekana humo, huna bima, hata kama una karatasi yenye muhuri.

Sasa daraja la katikati. Linaanza na yote ya bima ndogo, kisha linaongeza mambo mawili kwa gari lako mwenyewe: likiungua na likiibwa. Kwa mwalimu wetu nyongeza juu ya ndogo ni shilingi 259,600. Ukiongeza tena 283,200 unafika kwenye kubwa. Yaani karibu nusu ya njia kipesa umeshaitembea, lakini hatari inayolikabili gari kila siku, ya kugonga na kugongwa, bado hujaigusa.

Ndiyo maana naona daraja hili linawafaa watu wachache. Yuko mwenye gari linalokaa sana na kutembea kidogo, kama aliyehamishiwa Dodoma akaacha gari nyumbani Dar. Yuko pia mwenye gari la aina inayotafutwa na wezi, ambaye hawezi kumudu kubwa lakini hawezi pia kukubali kuamka asubuhi akute uani patupu. Mwalimu wetu, anayepambana na foleni ya Barabara ya Morogoro siku tano kwa wiki, hatari yake iko kwenye mgongano zaidi ya wizi. Kwake daraja la katikati linaziba tundu dogo na kuacha kubwa wazi.

Tena maneno moto na wizi ni membamba kuliko yanavyosikika. Wizi unaokusudiwa ni wa gari lenyewe. Jijini vinavyoibwa zaidi ni vioo vya pembeni, taa, redio na swichi za madirisha, na mikataba mingi hailipi vitu hivyo vikiibwa peke yake, au inavilipa mpaka kiasi kidogo kilichotajwa. Kuna pia aina ya upotevu ambayo mwenye gari huiita wizi na mkataba ukaiita jina jingine: umempa mtu gari kwa hiari yako, alikodi au aliazima, akatokomea nalo. Mikataba mingi inaliondoa hilo kwa kifungu cha uaminifu uliovunjwa, hata kama polisi wamefungua jalada la wizi. Anayekodisha gari lake kwa siku asome kifungu hicho mara mbili. Upande wa moto, kulipwa kunategemea kwamba gari limeungua kweli. Nyaya zilizoyeyuka kwa sababu fundi wa mtaani aliunganisha king'ora vibaya, bila moto kutokea, zinahesabiwa kuwa hitilafu ya umeme, na hitilafu za umeme na za mitambo hazilipwi na daraja lolote kati ya haya matatu.

Bima kubwa inaongeza mgongano, kupinduka, uharibifu wa makusudi unaofanywa na watu wengine, kioo cha mbele kwa kiwango maalumu, na kulivuta gari kutoka eneo la ajali. Gharama zikifikia sehemu kubwa ya thamani ya gari, kampuni huona heri ilipe gari zima na kuchukua mabaki. Mafuriko ni suala la kuulizia. Mtu wa Dar anayejua bonde la Msimbazi linavyofurika pale Jangwani asidhani tu kwamba yamo. Mikataba mingine inayajumuisha, mingine inayauza kama nyongeza, na hata yakiwamo, dereva aliyeingia kwenye maji kwa hiari na injini ikanywa maji anaweza kuambiwa kwamba hasara ile ameitafuta mwenyewe.

Kuna mambo yanayoweza kuifuta bima kubwa yote kwa upande wa gari lako, nayo hujitokeza zaidi katika maisha ya kawaida kuliko katika ajali za ajabu. La kwanza ni matumizi. Gari lililokatiwa bima ya binafsi, kisha jioni likabeba abiria wa kulipia kwa simu, liko nje ya mkataba wakati linabeba. Mwalimu akiamua kujiongezea kipato kwa taksi mtandao, ni lazima abadilishe daraja la matumizi na kulipa zaidi. La pili ni leseni isiyo hai au isiyolingana na aina ya gari. La tatu ni thamani iliyoandikwa.

Hili la tatu linahitaji maelezo, maana wengi hujiumiza humo wakidhani wanaokoa. Ada inakokotolewa kwa thamani uliyoitaja. Mwalimu akiandika milioni 10 badala ya 16, ada inashuka kutoka 660,800 hadi 413,000, na anaona amepata. Lakini mikataba yenye kifungu cha uwiano inamhesabu kama mtu aliyejibebea mwenyewe sehemu iliyobaki. Matengenezo yakigharimu 1,600,000, kampuni inatambua kumi juu ya kumi na sita ya gharama hiyo, yaani milioni 1, kisha inatoa eksesi humo. Akifanya kinyume chake, akaandika milioni 20 kwa kutumaini kulipwa zaidi, hatalipwa milioni 20. Kampuni hulipa thamani ya soko siku ya hasara, na ada ya zile milioni nne za juu imepotea. Dawa ni kupeleka gari kwa mthamini na kuirekebisha tarakimu kila unapohuisha, kwa sababu gari la mwaka jana leo limeshuka bei.

Sasa eksesi. Hii ni sehemu ya kila hasara ambayo mteja anajilipia mwenyewe kabla kampuni haijaanza kutoa chake. Huandikwa kwa asilimia pamoja na kiwango cha chini. Tuseme mkataba wa mwalimu unasema asilimia 10 ya gharama za matengenezo, isiyopungua shilingi 250,000. Kwa wizi unasema asilimia 10 ya thamani ya gari kama limefungwa kifaa cha kulifuatilia, na asilimia 20 kama halina. Kampuni hutofautiana katika tarakimu hizi, lakini umbo lake ndilo hili.

Kinachouma ni kile kiwango cha chini. Matengenezo ya 2,500,000 na ya 300,000 yanakatwa eksesi ileile ya 250,000. Katika yale ya kwanza mwalimu amebeba sehemu ya kumi. Katika ya pili amebeba karibu yote na kampuni imetoa 50,000. Mkataba unasema kwa tarakimu kwamba mikwaruzo si kazi yake. Pesa hiyo kwa kawaida hulipwa gerejini, na gari halitoki mpaka uilipe, kwa hiyo mwenye bima kubwa asiye na akiba ya 250,000 anaweza kukaa wiki tatu bila gari ambalo limeshatengenezwa na liko tayari.

Upande wa wizi angalia zile asilimia. IST ikiibwa bila kifaa, eksesi ni 3,200,000 na analipwa 12,800,000. Ikiwa na kifaa, eksesi ni 1,600,000. Tofauti ya milioni 1.6 ni kubwa kuliko gharama ya kufunga kifaa cha kawaida, na kifaa chenyewe kinaongeza uwezekano wa gari kupatikana. Lakini kampuni itataka uthibitisho kwamba kilikuwa hai siku ya wizi. Kifaa ambacho ada yake ya mtandao iliisha miezi mingi iliyopita kitahesabiwa kama hakipo.

Viko viwango vya ziada vinavyowekwa juu ya eksesi ya kawaida kwa dereva kijana au mwenye leseni changa. Mwalimu akimpa usukani mdogo wake aliyetoka chuo cha udereva mwezi uliopita, aulize kwanza kiwango hicho ni kiasi gani, kwa sababu kinajumlishwa na kile kingine. Kampuni nyingine pia huuza nafuu ya eksesi: unaongeza kidogo kwenye ada, na eksesi inapunguzwa au kufutwa. Kwa anayejijua kwamba hana akiba, naiona ni ununuzi wa busara kuliko kujaza mkataba kwa nyongeza za redio na kioo.

Punguzo la kutodai linafanya kazi upande wa pili. Kila mwaka unaopita bila madai, ada ya mwaka unaofuata inapungua kwa ngazi. Mkataba wetu wa mfano unatoa asilimia 10 baada ya mwaka mmoja, 20 baada ya miwili, 30 baada ya mitatu, 40 baada ya minne, na hapo ndipo mwisho. Ukidai, unarudi sifuri. Kampuni nyingine hukushusha ngazi mbili badala ya kukurudisha chini kabisa, na hilo ni la kuuliza. Punguzo ni la mteja, halifungwi na gari, kwa hiyo ukihama kampuni omba barua inayoonyesha historia yako ya madai. Ukiacha bima ikatike kwa muda mrefu, ngazi zote ulizopanda zinaweza kupotea.

Tuyaweke haya mawili pamoja. Mwalimu yuko mwaka wa tatu bila madai. Siku moja, akirudi nyuma sokoni, anagonga nguzo. Bampa limepasuka na taa moja ya nyuma imevunjika. Gereji inasema 480,000. Ana bima kubwa na amelipia kila senti, kwa hiyo hisia ya kwanza ni kudai. Akidai, eksesi ni 250,000, na kampuni inatoa 230,000.

Lakini tazama ngazi. Bila madai, mwaka unaofuata angepata punguzo la asilimia 30, na miaka mitatu baada ya huo angekaa kwenye 40. Akidai, mwaka unaofuata ni sifuri, kisha 10, kisha 20, kisha 30. Kwa hiyo katika miaka hiyo minne anapoteza asilimia 30, 30, 20 na 10 za ada. Gari nalo linashuka thamani. Tuseme linakatiwa kwa milioni 15, kisha 14, 13 na 12. Ada kamili pamoja na kodi kwa miaka hiyo ingekuwa 619,500, 578,200, 536,900 na 495,600. Ukizichukua zile asilimia kwa kila mwaka unapata 185,850, 173,460, 107,380 na 49,560, jumla 516,250. Mwalimu amepokea 230,000 na atalipa 516,250, polepole, bila kuona ilipotokea.

Hesabu hiyo inatoa mstari. Kwa mkataba huu na ngazi aliyopo, madai yanaanza kuwa na faida pale kampuni itakapotoa zaidi ya 516,250, yaani matengenezo yakizidi takriban 766,000. Chini ya hapo anapata hasara kwa kudai. Mtu aliye mwaka wa kwanza, ambaye hana ngazi kubwa za kupoteza, mstari wake uko chini zaidi. Kila mtu anaweza kuuchora wake kwa karatasi na kikokotoo cha simu, na ni vizuri kuuchora siku ya kukata bima, maana siku ya ajali hasira ndiyo itakayopiga hesabu.

Tahadhari moja hapa ni ya lazima: kutodai si kunyamaza. Kama kuna mtu mwingine katika tukio, hata aliyesema hajaumia, kampuni ipewe taarifa ndani ya muda uliotajwa katika mkataba, na polisi wapime ajali. Unaweza kuandika wazi kwamba unatoa taarifa tu na hudai matengenezo yako. Aliyesema hajaumia anaweza kurudi wiki mbili baadaye na fomu ya PF3 na bili ya hospitali, na kampuni ambayo haikuambiwa mapema ina sababu ya kukugeuzia kibao.

Punguzo la kutodai lina ugumu mwingine unaowakera watu, na nakubaliana nao kwamba linaonekana kama dhuluma. Linapotea kwa kudai, bila kujali nani alikosa. Daladala ikikugonga kwa nyuma ukiwa umesimama kwenye taa za Magomeni, na ukatumia bima yako kubwa kwa sababu ni ya haraka, eksesi unalipa na ngazi zinaweza kuporomoka, mpaka kampuni yako ifanikiwe kurudisha pesa zake kutoka kwa bima ya daladala. Ndiyo maana katika ajali kama hiyo njia ya kwanza kuifikiria ni kudai moja kwa moja kwenye bima ya aliyekugonga. Hapo wewe ndiye mtu wa tatu: mkataba wako na eksesi yako havihusiki, na punguzo lako halitikisiki. Unahitaji namba ya gari lake, uthibitisho wa bima yake kutoka TIRA MIS, ripoti ya polisi inayosema nani mwenye kosa, picha na makisio ya gereji. Njia hii ni ndefu, na kampuni yake haina haraka na mtu asiye mteja wake. Kwa bampa na taa inafaa kusubiri. Gari likiwa limekunjamana na unalihitaji kwa kazi, tumia yako, kisha sukuma kampuni yako imfuate mwenye kosa na ikurudishie na eksesi pia.

Bado hatujafika mahali ambapo bima kubwa inafanya kazi yake. IST ikipinduka Mikumi na isifae tena, eksesi ya asilimia 10 ni 1,600,000 na mwalimu analipwa 14,400,000. Angekuwa na ndogo au ile ya katikati, angepata sifuri. Swali linalobaki kwake ni moja: bila bima, angeweza kurudi barabarani ndani ya mwaka kwa akiba yake? Kwa mshahara wa mwalimu jibu ni hapana, kwa hiyo 542,800 ya ziada ina maana. Aliyenunua gari kwa mkopo hana hata swali hilo, kwa kuwa benki itadai bima kubwa na kujiandika kuwa mlipwaji wa kwanza. Hilo nalo ni la kukumbuka: gari likiisha kabla ya deni, fidia inaenda benki, na kama deni limezidi thamani ya soko, unaendelea kulipia gari ambalo halipo.

Jibu hilo halidumu. Bima kubwa nayo ina ada ya chini, ambayo kwa gari binafsi imekuwa shilingi 250,000 kabla ya kodi. Gari likishuka chini ya takriban milioni 7.1, ile asilimia 3.5 haifanyi kazi tena; unalipa 250,000 hata thamani iendelee kuporomoka. IST hii ikifika milioni 5, mwalimu atalipa 295,000 pamoja na kodi, karibu asilimia 6 ya gari. Punguzo la kutodai linaweza lisimsaidie tena, kwa sababu kampuni nyingi haziendi chini ya kiwango hicho. Eksesi imebaki palepale kwenye 250,000, kwa hiyo ajali ya kawaida haifikii mstari wa kudai. Kilichobaki ni fidia ya gari zima: milioni 5 kutoa eksesi ya asilimia 10, yaani milioni 4.5, kwa nyongeza ya 177,000 kila mwaka juu ya ndogo.

Kwa mtu ambaye kwa wakati huo ameweza kuweka milioni tatu au nne pembeni, naona huo ndio wakati wa kushuka daraja. Ashuke mpaka ndogo, achukue ile 177,000 na kuiongeza kwenye akiba ya gari, na sehemu yake aitumie kupandisha kikomo cha mali ya mtu wa tatu. Gari lake limechakaa, lakini Land Cruiser za wenzake zinaendelea kupanda bei. Asiye na akiba hiyo, na ambaye bila gari hafiki kazini, abaki na kubwa hata kwa asilimia 6, ila aombe kampuni imwandikie eksesi ya chini kabla hajalipa, kwa sababu mazungumzo hayo hufanyika vizuri zaidi pesa ikiwa bado iko mkononi mwake.